Usiniulize "Nyeupe ni Nini?": Maji na Mafuta kwenye MRI ya Ubongo

Kila ninapokwenda naulizwa swali lilelile: "Daktari, hiyo nyeupe ni nini?" Jamani, weupe kwenye picha ya MRI si kitu. Ni habari kwamba sehemu ile ilitoa mawimbi yenye nguvu wakati mashine inasikiliza. Badilisha muda wa kusikiliza, na kichwa kilekile, mgonjwa hajashuka hata kitandani, kitakuja na sura nyingine.

Kwamba mashine inasikiliza haidrojeni mnalijua, silirudii. Protoni, yaani viini vya haidrojeni hiyo, zikishapigwa wimbi la redio hulala, kisha huinuka taratibu kujipanga tena na sumaku. Mwendo huo wa kuinuka ndio T1. Kwenye sumaku ya tesla 1.5, T1 ya mafuta ni kama milisekunde 250, ya sehemu nyeupe ya ubongo kama 650, na ya maji ya ubongo kama 4000. Maji huchelewa kwa sababu molekuli zake zinachezacheza kwa kasi mno, hazipati pa kutua mzigo wa nishati. Molekuli za mafuta ni nzito, mwendo wake unakaribia ule wa protoni zinavyozunguka ndani ya sumaku, basi nishati inatoka upesi.

Haya, piga wimbi kila baada ya milisekunde 500. Wimbi linalofuata linakuta mafuta yamerudi kwa asilimia 86, na maji asilimia 12 tu. Mafuta yanajibu kwa sauti, maji hayana la kusema. Ndiyo picha ya T1: mafuta ya chini ya ngozi meupe, vyumba vya maji ndani ya ubongo vyeusi.

Najua yupo anayesema moyoni, "Kumbe sehemu nyeupe ya ubongo inang'aa kwenye T1 kwa sababu tunaona mafuta ya myelini, ile ala inayofunika nyuzi za neva." Hapana! Ishara ya mafuta hayo hufa kabla mashine haijatega sikio. Tunachoona ni maji yaliyobanwa kando yake, ambayo kwa kubanwa huko huinuka haraka.

Kwa T2 tunasubiri milisekunde 4000 kati ya mawimbi, na tunasikiliza baada ya 100. Hapa kinachopimwa ni protoni kupoteza mwafaka zikiwa bado zimelala. Katika hizo 100, maji huru hubakiwa na asilimia 95 ya ishara yao, sehemu nyeupe ya ubongo kama asilimia 29. Maji yanang'aa. Na wale wenye madaftari ya zamani yaliyoandikwa "T2, mafuta meusi" wayafute: njia ya haraka tunayotumia siku hizi hukusanya mwangwi mwingi mfululizo, na mafuta hubaki meupe.

Sasa chukua mama wa miaka 60, presha ya miaka mingi, ameanza kusahau. Kwenye T2 vyumba vya maji ni vyeupe, na doa la tishu iliyoharibika lililogusa ukuta wa chumba ni jeupe pia. Jeupe juu ya jeupe, utaapa ubongo ni mzima. Tunapiga FLAIR. Hapa protoni zote hupinduliwa kichwa chini kwanza, kisha tunangoja. Kila moja ikirudi juu lazima ipite kwenye sifuri, na maji ya vyumbani hupita hapo baada ya milisekunde 2200 hadi 2500. Tukipiga wakati huohuo, yanakuwa hayana ishara ya kutoa. Chumba cheusi, doa linajitokeza.

"Lakini doa nalo si maji?" Ni maji, ila yamo ndani ya tishu, yamebanwa na protini. Yalishapita sifuri zamani.

FLAIR nayo hudanganya. Damu au usaha ukiingia kwenye maji ya ubongo, T1 yake hufupika, maji hayako tena kwenye sifuri, na mifereji ya juu ya ubongo inang'aa. Hilo ni la kuogopesha. Lakini oksijeni nyingi aliyopewa mgonjwa wa ganzi huleta sura hiyohiyo, na maji yanayotiririka kwa kasi chini ya ubongo hung'aa hovyo. Uliza kwanza kama alikuwa na barakoa.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo STIR naipita mbio. Ni mbinu ileile, ila inayonyamazishwa ni mafuta, kwenye milisekunde kama 170. Hatari yake: inafuta chochote chenye T1 fupi kama ya mafuta. Ukikuta uvimbe mweupe kwenye T1 katikati ya ubongo, ukapiga STIR na uvimbe ukapotea, usiandike "mafuta." Damu ya siku kadhaa nayo hupotea vilevile. Omba picha inayozima mafuta kwa masafa yake, ambayo kwenye tesla 1.5 yako chini ya yale ya maji kwa hezi 220 hivi. Doa likizimika hapo, ni mafuta. Likibaki jeupe, fikiria damu, na mpigie simu daktari aliyemleta.