Mdhamini au Guarantor? Neno moja la kapsheni lililoniweka macho

Haya jamani, hamjambo huko nyumbani, shangazi zangu wote shikamooni, wengine mambo vipi. Leo hatutembei, nimekaa hapa na laptopu, na kama macho yanaonekana mekundu ni kwa sababu nimeedit mpaka usiku. Kuna swali mnaniuliza sana, mbona kwenye maandishi ya chini ya video mara unaandika Kiswahili kitupu, mara unachomeka Kiingereza katikati, ni kuringa au umeanza kusahau lugha? Sijasahau chochote jamani. Kuna neno moja lilinitia adabu, ngoja niwape stori yake maana humo ndo jibu lilipo.

Mnaikumbuka ile video ya kutafuta nyumba ya kupanga huku ughaibuni. Kuna sehemu naeleza kwamba ukishaipenda nyumba, kabla hujasaini mkataba watakuuliza una garanta? Kwa mdomo nilisema hivyohivyo, garanta. Nilipokuja kuandika kapsheni nikajitia usafi wa lugha, nikaona nisiwasumbue watu wa nyumbani na Kiingereza, nikaandika "mdhamini". Neno safi, la kamusi, nikajipongeza kabisa nikalala.

Sasa mdhamini kwetu ni nani? Mdhamini ni yule anayekwenda kumtoa mtu kwa dhamana. Mdhamini ni yule unayemwandika mwishoni mwa sivii ili aulizwe habari zako. Mdhamini ni kampuni iliyoweka nembo kwenye jezi za timu. Na ndiyo, mdhamini pia ni anayebeba deni lako ukishindwa. Wote hao neno moja! Baada ya kama wiki mbili dada mmoja anayejiandaa kusafiri akaniandikia inboksi kwa furaha zote, kwamba mdhamini ameshampata, mchungaji wao amekubali kumwandikia barua. Nikasoma mara mbili. Alielewa ni mtu wa kumsemea vizuri, kumbe ile karatasi inamfunga mtu alipe kodi wewe ukishindwa, na mara nyingi wenye nyumba wanataka awe anaishi nchi hiyohiyo na ana kipato wanachoweza kukihakikisha. Barua ya mchungaji haimsaidii kitu. Na kibaya zaidi siku ataletewa mkataba, neno "mdhamini" halimo mle ndani, kuna neno lingine asilolijua, kwa hiyo hata kilichokuwa sahihi kwenye video yangu hawezi kukiunganisha na karatasi iliyo mbele yake.

Hapo ndo nilipoanza kujiuliza swali ambalo sasa najiuliza kwa kila neno kabla sijaamua: je, mtazamaji atakutana na neno hili mwenyewe, kwa macho yake, kwenye fomu au mkataba au kwenye kitufe cha kubonyeza? Kama jibu ni ndiyo basi linabaki kama lilivyoandikwa kule, herufi kwa herufi, na maana yake naiweka palepale kwenye kapsheni hiyohiyo. Kama jibu ni hapana, Kiswahili kinatosha na Kiingereza hakina kazi pale. "Mwenye nyumba" sijaandika kwa Kiingereza hata siku moja, kwa nini niandike, hakuna aliyewahi kupotea kwa sababu ya neno hilo.

Ile kapsheni niliirekebisha ikawa hivi:

```
14
00:02:31,000 --> 00:02:36,000
Watakuuliza kama una Guarantor, yaani
mtu wa kulipa kodi ya nyumba ukishindwa
```

Angalieni vitu viwili hapo. Nimeandika "kodi ya nyumba", sikuandika "kodi" peke yake, kwa sababu kodi yetu ni ya nyumba na ni ya serikali pia, na mtu akibonyeza tafsiri ya mashine inaweza kumwambia kuna mtu atakulipia ushuru. Pili ni muda. Maelezo yanarefusha kapsheni na Kiswahili chenyewe kina maneno marefu, "ukishindwa" ni neno moja lakini limebeba sentensi nzima. Mi najiwekea mistari miwili isiyozidi herufi 42 kila mmoja, na nisizidi kama herufi 15 kwa sekunde, hiyo kapsheni ina karibu 76 kwa hiyo inataka sekunde tano kamili. Mwanzo niliipa sekunde tatu maana ndo muda niliotumia kuongea, haisomeki, ikabidi niivute ikaingia kwenye ukimya unaofuata. Ukimya ukikosekana natafuta maneno mafupi, au maelezo yanahamia kapsheni inayofuata. Na maelezo yanatolewa mara moja tu, lile neno likirudi dakika ya tano linakuja peke yake, watu wameshalijua.

Sasa kuna jambo nililikosea muda mrefu. Nilidhani nikichanganya nusu kwa nusu nimewapata wote, wa nyumbani na wa huku. Wapi! Mpwa wangu aliyezaliwa huku, Kiswahili chake ni cha salamu, yeye akiona kapsheni yenye Kiswahili na neno moja la Kiingereza katikati anaelewa hilo neno moja tu. Na shangazi asiyejua Kiingereza anaelewa vyote kasoro hilo neno moja. Mchanganyiko unamfaa mtu mmoja, yule anayejua Kiswahili vizuri na kesho atakutana na hizo karatasi. Yule dada wa inboksi. Mpwa wangu hapungukiwi neno, anapungukiwa lugha nzima, kwa hiyo anataka faili lake zima la Kiingereza.

Kwa hiyo ndo nafanya hivi. Kiswahili, pamoja na yale maneno machache ya karatasi, nakibandika kwenye picha yenyewe, hakizimiki. Kiingereza nakiweka kama faili la pembeni, kwenye YouTube unalipakia kwenye sehemu ya kapsheni unachagua lugha, mwenye kulitaka analiwasha. Kwa nini Kiswahili ndo kibandikwe? Kwa sababu video zangu huko nyumbani nyingi hamzioni YouTube, mtu anaidaunilodi anairusha kwenye grupu la familia, na video ikishageuka kuwa faili la WhatsApp yale maandishi ya kuwasha na kuzima hayasafiri nayo. Kilichobandikwa kinafika. Mafaili yenyewe nayaita hivi nisije nikayachanganya, sw na en ndo vifupisho vya lugha vinavyotambulika:

```
kupanga_nyumba.sw.srt
kupanga_nyumba.en.srt
```

Gharama yake ni kwamba aliyewasha Kiingereza anaona maandishi mawili kwa mpigo, ya kubandikwa na ya faili, yanaweza kukaliana. Ya kubandikwa nayapandisha juu kidogo ya pale chini kabisa, sio mazuri sana kwa macho lakini yanasomeka yote.

Vitenzi navyo vilinisumbua. Tukiongea tunasema niliaplai, wamekansel, nikasaini, na zamani nilikuwa naandika kile kitenzi kwa Kiingereza halafu nakibandika kiambishi na kistari mbele, jicho linafika pale linajikwaa kama gari kwenye tuta. Sasa sheria yangu ni nyepesi, neno likishavaa "ni" na "li" na "me" limeshakuwa la kwetu, naliandika Kiswahili. Nomino ya kwenye karatasi ndo inabaki na nguo zake, na naipa herufi kubwa mtu aone kwamba hili ni jina la kitu kilichoandikwa mahali. Ila ngeli haibadiliki kwa ajili yake, "Guarantor wangu" kwa sababu ni mtu, usiniandikie "Guarantor yangu" kama kabati.

Halafu saa. Jamani saa! Niliwahi kutangaza laivu, kwa mdomo "saa tatu usiku", kwenye kapsheni nikaandika "saa 3 usiku" ili kuokoa nafasi. Wa nyumbani walielewa vizuri. Wale vijana wa huku wasiokulia kwenye saa ya Kiswahili wakaniuliza kwa nini nafanya laivu saa tisa za usiku, watu tukiwa tumelala. Hapo hata hakukuwa na neno la Kiingereza, ni tarakimu tu, lakini tarakimu nayo ina lugha yake. Tangu siku ile saa ya Kiswahili naiandika kwa maneno, "saa tatu usiku", na tarakimu naziacha kwa saa ya kwenye simu, 21:00. Ikiwa ni miadi ya watu wa pande zote naziweka zote mbili na nataja ni saa za wapi.

Na mchanganyiko unakwenda hata upande wa pili, hili watu hawalisemi. Kwenye ile video kuna klipu nampigia mama namwambia nyumba ya kwanza nimeikosa, anajibu "pole mwanangu". Kwenye faili la Kiingereza niliitafsiri "sorry", kama ambavyo wengi wanafanya. Mpwa wangu akaniuliza, bibi alifanya kosa gani mpaka anaomba msamaha? Kwao neno lile lile linatumika kuomba msamaha na kumpa mtu pole, na kwenye maandishi sauti ya mama haipo kumsaidia. Kwa hiyo kwenye faili la Kiingereza nimeiacha "pole" kama ilivyo, hakuna maelezo, ukiona nimeinamisha kichwa na mama amenyamaza kidogo unajua ni kitu gani. Shikamoo pia nimeiacha. "Mwanangu" nimetafsiri, hilo halina shida.

Kabla sijapandisha video siku hizi nawatumia watu wawili bila sauti kabisa, shangazi mmoja huko nyumbani na huyo mpwa, siwaulizi kama wameelewa maana wote watasema ndiyo. Nawauliza, ukiambiwa leo ukapange nyumba utakwenda na nani na utabeba nini? Shangazi safari hii alinijibu, nitatafuta mtu wa kuweza kunilipia, halafu akaongeza, na huyo mtu huku kwetu hayupo. Basi nikajua kapsheni ya 14 imekaa.

Imebaki ya mwisho kabisa pale ninapowaaga. Kwa mdomo nimesema "nimewamisi sana". Mama angesema ana hamu na nyie, na ingekuwa tamu zaidi, lakini sikusema hivyo, nimesema nimewamisi, midomo inaonekana. Nimeiandika hivyohivyo. Shangazi akilalamika atanikuta kwenye grupu.