Barua kwa mwalimu: afishi yangu ilipungukiwa wapi?

Karibuni tena, ndugu zangu. Niko Bukavu, na hapa mnaona afishi mbili za wanafunzi, zote zinakataza kutupa plastiki Ziwa Kivu. Ya kulia ilikuwa ya kwanza darasani. Ya kushoto, ya nne, ni ya mdogo wangu. Barua aliyotaka kutuma ilianza hivi: "Profesa, sielewi kwa nini kazi ya mwenzangu ilipendelewa." Neno hilo la mwisho tayari linamshitaki mwalimu. Tunafuta.

Kwanza tunatafuta swali. Bandika afishi ukutani, simama mita 5 kutoka hapo. Mdogo wangu aliona ziwa, lakini kichwa hakikusomeka. Tukachukua rula: herufi zake kubwa zina urefu wa milimita 12. Kwa kawaida sentimita 1 ya herufi husomeka vizuri kwa mita 3 hivi, kwa hiyo alihitaji kama milimita 17. Sasa piga picha kwa simu, uondoe rangi. Mnaona? Maandishi ya njano na maji ya buluu hafifu yamekuwa kijivu kimoja.

Sasa tunaandika. Kwenye mada weka "Afishi ya Ziwa Kivu: ombi la maelezo". Cheo kiwe sahihi. Asistenti si profesa, na wenyewe wanajali sana hilo! Ukiandika Kifaransa, mpango ni uleule:

"Heshima kwako, Profesa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, mwenye afishi iliyokuwa ya nne. Asante kwa kuisahihisha. Nimeitazama kwa mita 5: kichwa hakisomeki, na rangi yake inamezwa na maji. Je, hilo ndilo lililoishusha, au uliona kasoro kubwa zaidi? Afishi ya kwanza inasomeka kwa mbali. Ningependa kujua ni nini kingine ulichokithamini ndani yake. Siombi alama zibadilishwe. Nikiruhusiwa, nitapita ofisini kwa dakika 10, siku itakayokufaa."

Kisha jina na promosyo. Mwenzake hatajwi kwa jina, ni kazi yake tu inayozungumziwa. Ikiwa alama zimejumlishwa vibaya, hiyo ni barua nyingine kabisa, usizichanganye.

Ambatisha picha ndogo, isizidi mega 1. Faili ya kuchapisha ya mdogo wangu ilikuwa mega 60. Nani ataifungua kwenye simu kwa mega alizonunua mwenyewe?

Jibu lilikuja siku ya tatu, hili hapa: "Kichwa, ndiyo. Lakini zaidi ya hapo, afishi yako inakataza tu. Ya mwenzako inamwonyesha mtu pa kuipeleka chupa. Njoo Alhamisi saa nne, uje na michoro yako ya kwanza."