Anza na Karatasi za BRELA, Azimio Lisome Mwisho

(Mhadhara kwa maofisa wa dawati la akaunti za kampuni, Dar es Salaam)

Asanteni, kaeni. Wale wa nyuma sogeeni mbele, sauti yangu leo imekwama.

Nianze na tabia moja ninayoiona kila tawi ninalopita. Mteja anakuja na bahasha. Ndani mna azimio la bodi, orodha ya watia saini, nakala za vitambulisho vya NIDA, cheti cha usajili na katiba ya kampuni. Ofisa anachomoa azimio kwanza. Analisoma, analiona limepigwa muhuri, lina saini mbili, limenyooka. Kisha anafungua karatasi za usajili kutafuta majina yaleyale. Akiyakuta, anatia tiki.

Hapo umeshakubali kabla hujakagua. Azimio ni maneno ya kampuni yenyewe. Mtu anaweza kulichapa asubuhi Kariakoo na mchana likawa mezani kwako. Mimi naligeuza chini, silisomi. Naanza na ripoti ya upekuzi ya BRELA, ambayo benki imeiomba yenyewe kwenye mfumo wa ORS. Ile aliyoileta mteja naiweka pembeni. Naandika kwenye karatasi tupu: wakurugenzi ni nani, katibu ni nani, ofisi iliyosajiliwa iko wapi. Halafu nafungua katiba nitafute vitu viwili tu: akidi ya kikao cha bodi ni watu wangapi, na nani ana mamlaka ya kuteua mkurugenzi. Nikishajua hayo, ndipo nageuza azimio. Sasa swali langu ni moja: waliokaa siku ile walikuwa na uwezo wa kuamua jambo hili?

Niwape kisa. Kampuni siitaji, iko hai na inafanya biashara.

Akaunti ilikuwa na watia saini wawili, mkurugenzi wa kwanza na wa pili, kwa sharti la wawili kwa pamoja. Likaja azimio la tarehe 3 Machi: mkurugenzi wa pili aondolewe, wa kwanza asaini peke yake. Waliohudhuria ni wawili, mkurugenzi wa kwanza na bwana mmoja aliyeandikwa "Mkurugenzi". Wote wawili wamesaini. Nakala imegongwa muhuri wa wakili.

Huo muhuri wa wakili unalewesha watu wengi. Wakili anathibitisha kwamba nakala inafanana na karatasi halisi aliyoonyeshwa, basi. Hakuwepo kikaoni, wala hasemi kikao kilifanyika.

Ripoti ya upekuzi ilitoka tarehe 21 Machi. Wakurugenzi ni watatu: wa kwanza, wa pili na wa tatu. Yule bwana hayumo. Katiba inasema akidi ni wakurugenzi wawili, na idadi ya wakurugenzi haitazidi watatu.

Ofisa wetu, kijana makini, alitaka kukataa palepale. Nikamwambia subiri. Mtu hawi mkurugenzi kwa sababu BRELA wamemwandika. Anakuwa mkurugenzi kwa kuteuliwa kihalali na kampuni. Usajili unafuata, na mara nyingi unachelewa. Kwa hiyo jina kutoonekana kwenye ripoti ni sababu ya kuuliza, halijawa jibu. Tukawaandikia: leteni karatasi iliyomteua.

Wakaleta. Azimio jingine la bodi, la tarehe 1 Machi, likimteua bwana yule "kujaza nafasi". Limesainiwa na mkurugenzi wa kwanza peke yake.

Hebu tulitazame taratibu. Katiba ile iliipa bodi ruhusa ya kujaza nafasi iliyo wazi. Uteuzi mwingine wote ni wa wanahisa kwenye mkutano mkuu. Nafasi gani ilikuwa wazi? Hakuna. Wakurugenzi walikuwa watatu, na watatu ndiyo kikomo. Hata kama ingekuwepo, kikao cha tarehe 1 kilikuwa na mtu mmoja, na akidi ni wawili. Uteuzi ukaanguka. Ukianguka huo, tarehe 3 aliyekuwepo mwenye hadhi ya mkurugenzi ni mmoja tu. Akidi haikutimia, na azimio la kubadili watia saini likaanguka nalo. Yote haya yalionekana kwa kupanga tarehe tatu mstari mmoja na kusoma vifungu viwili vya katiba.

Kuna dada hapo mbele ameinua mkono tangu muda. Anauliza: sheria si inamlinda mtu wa nje asichunguze mambo ya ndani ya kampuni? Swali zuri. Ni kanuni ya kesi ya Turquand ya mwaka 1856, Uingereza, na tena anayelindwa pale ni benki. Benki iliikopesha kampuni moja. Wakurugenzi walikuwa na uwezo wa kukopa kama wanahisa wameridhia kwa azimio. Kampuni ikaja kudai halikuwepo azimio la kutosha. Mahakama ikasema benki ilikuwa na haki ya kudhani utaratibu wa ndani umefuatwa. Lakini kinga hiyo haimfuniki mtu aliyekwisha kuona jambo la kutia shaka akanyamaza. Ukishashika mkononi ripoti yenye majina matatu na azimio lenye jina la nne, huwezi tena kusema hukujua.

Tulifanya nini? Maelekezo ya zamani yakabaki palepale: wawili kwa pamoja. Hatukufunga akaunti, maana mishahara ya watu imo humo na hakuna aliyetuomba tuifunge. Tukaandika barua kwa anuani ya ofisi iliyosajiliwa BRELA, siyo ile ya kichwa cha barua waliyotuletea. Mlinganishe hizo anuani na namba za simu, jamani; hapa zilikuwa tofauti. Mkurugenzi wa pili akatupigia kutoka Dodoma. Hakuwa na habari ya kikao chochote.

Siku mbili baadaye akaandika pingamizi. Hapo ndipo tuliposimamisha malipo, tukawaambia wote: leteni maelekezo ya pamoja au amri ya mahakama. Benki haiamui nani mwenye haki katika ugomvi wa wakurugenzi.

Nigusie majina kidogo. Rashid na Rashidi, Ally na Ali, hizo si kasoro za kumrudisha mtu nyumbani. Namba ya NIDA ikilingana, kiapo cha majina kinatosha. Kinachoniuma ni fomu ya benki kutokulingana na azimio. Azimio linasema "kwa pamoja", fomu imetiwa tiki "yeyote kati yao". Kaunta husoma fomu, haisomi azimio. Kosa hilo ni letu wenyewe.

Kisa kiliishaje? Baada ya wiki kadhaa walikuja wote watatu na azimio jipya, saini tatu. Kundi A ni wakurugenzi, kundi B ni mhasibu; kila malipo yana saini moja kutoka kila kundi. Mhasibu mwenyewe ni nani? Yule bwana wa tarehe 3. Ndiye aliyekuwa akiandaa hundi zao miaka yote, na mtia saini halazimiki kuwa mkurugenzi. Bodi halali ikimtaja, inatosha. Kwenye azimio wameandika Ally, NIDA inasema Ali. Tukamtuma akaape.