Lupu Mbili Ndani kwa Ndani Si Lazima Ziwe n Mraba

Karibuni tena. Swali la leo ni la kuchagua jibu: n ikiongezeka, kazi ya msimbo inakua kwa kasi gani, kwa alama ya O? Msimbo wenyewe umepigwa picha kutoka kwenye karatasi ya mtihani. Simamisha video hapa, uunakili msimbo kwenye daftari lako kabla hujasoma majibu.

```
for (int i = 1; i <= n; i++)
    for (int j = 1; j <= n; j = j * 2)
        k++;
```

Kuna sehemu mbili za kuzikagua kwenye picha. Ya kwanza ni ile alama kati ya j na 2. Picha ikiwa na ukungu, nyota hufanana sana na alama ya kujumlisha, na jibu zima linategemea alama hiyo. Vuta picha mpaka uwe na hakika. Ya pili ni mwisho wa mstari wa kwanza: ukiona nukta mkato baada ya mabano, lupu ya i inaishia palepale. Hapo lupu mbili zinafuatana, kazi zake zinajumlishwa badala ya kuzidishwa, na jibu ni O(n), hata kama mistari imesogezwa ndani vizuri kiasi gani. Yetu haina nukta mkato, kwa hiyo tunaendelea.

Wengi wakifika hapa huhesabu maneno ya for, wakaona mawili, wakatia alama kwenye O(n²). Mtunzi wa swali ameliweka jibu hilo makusudi. Wewe iulize kila lupu inazunguka mara ngapi.

Tuchukue n iwe 16. Ya nje inazunguka mara 16, hiyo haina ubishi. Ya ndani, fuatilia j: 1, 2, 4, 8, 16, basi. Mara 5. Kwa hiyo k++ inatekelezwa 16 × 5, yaani mara 80.

Sasa n iwe 32. Ya ndani inaongeza mzunguko mmoja tu, zinakuwa 6, na jumla ni 192. Tumeongeza n maradufu, kazi imeongezeka mara 2.4. Ingekuwa n mraba, ingeongezeka mara 4. Lupu ya ndani inayoongeza mzunguko mmoja kila n ikiongezwa maradufu inakua kwa log n, na ya nje kwa n. Zidisha: jibu ni O(n log n).

Na kama ile alama ingekuwa ya kujumlisha, j = j + 2? Ya ndani ingezunguka nusu ya n: mara 8 kwa 16, mara 16 kwa 32. Jumla ingetoka 128 ikafika 512, mara 4 kamili. Hapo O(n²) ndiyo sahihi, maana ile nusu haibadilishi kasi ya ukuaji.

Angalia pia j inaanzia wapi. Ikianza na 0 huku inazidishwa kwa 2, itabaki 0 daima. Mradi n ni 1 au zaidi, lupu hiyo haiishi, kwa hiyo tafuta jibu linalosema programu haikomi.