Jumla ya bajeti imepanda na hakuna aliyeongeza bei: namna ya kumweleza meneja

Ndugu wahasibu na maofisa mipango, habari za mchana. Karibuni Dodoma kwa mliotoka wilayani.

Mada yetu leo ni ujumbe mmoja tu: ule mhasibu anaomwandikia meneja pale jumla ya bajeti inapobadilika bila mtu kugusa bei wala idadi. Meneja ana namba mbili mezani, ya juzi na ya leo, na anataka kujua ipi ni ya kweli. Ukimjibu kwamba "Ekseli ilileta shida", hujamjibu. Na kabla hujaandika neno lolote ni lazima wewe mwenyewe ujue shilingi zimepita wapi, kwa hiyo tuanze na hesabu.

Chukueni bajeti ndogo ya mafunzo ya siku 5 hapa mjini, kwa washiriki 20 kutoka Bahi, Chamwino na Kongwa. Safu A ni namba ya kifungu, B ni maelezo, C ni idadi, D ni bei, na E ni jumla ya kila mstari. Posho ni watu 20 kwa 50,000 kwa siku. Ukumbi ni mmoja kwa 300,000 kwa siku. Dizeli ni lita 200 kwa 3,000. Shajala ni seti 25 kwa 8,000. Safu E imeandikwa hivi:

```
E2 (posho)    =C2*D2*5
E3 (ukumbi)   =C3*D3*5
E4 (dizeli)   =C4*D4
E5 (shajala)  =C5*D5
E6            =SUM(E2:E5)
```

Ziangalieni vizuri fomula hizi. Siku 5 hazina safu yake. Zimefichwa ndani ya fomula mbili za juu. Posho inatoa 5,000,000, ukumbi 1,500,000, dizeli 600,000, shajala 200,000. Jumla ni 7,300,000, na ndiyo aliyoidhinisha meneja.

Sasa ofisa mmoja anataka vifungu vikae kwa alfabeti. Anateua A2 hadi D5, anapanga kwa safu B, anahifadhi. Dizeli inapanda mstari wa 2, posho inashuka wa 3, shajala wa 4, ukumbi wa 5. Safu E haikuteuliwa, kwa hiyo kila fomula imebaki pale pale ilipokuwa. E2 bado inazidisha kwa 5, ila sasa inazidisha dizeli: 3,000,000. E5 haizidishi kwa siku, na ukumbi wa siku 5 unahesabiwa wa siku moja: 300,000. Posho imeangukia E3, ambayo nayo ina mara 5, kwa hiyo imebaki 5,000,000. Shajala imebaki 200,000. E6 inasoma 8,500,000.

Hapa naomba tutulie kidogo. Tofauti ya jumla ni 1,200,000, lakini kosa lenyewe ni kubwa kuliko hapo. Dizeli imezidi kwa 2,400,000 na ukumbi umepungua kwa 1,200,000. Moja limekula nusu ya jingine. Vifungu vingekuwa vingine, yangeweza kufutana kabisa, na jumla ya chini ikasoma sawa huku vifungu viwili ni vya uongo. Ndiyo maana kulinganisha jumla peke yake hakutoshi. Linganisha kifungu kwa kifungu na nakala iliyoidhinishwa.

Na si kila upangaji wa namna hii unabadilisha jumla. Kama fomula zote za safu E zingekuwa za aina moja, idadi mara bei, basi A hadi D zingehama na jumla ingebaki ile ile, kwa sababu kila fomula inasoma mstari wake na idadi imehama pamoja na bei yake. Jumla hubadilika pale fomula zinapotofautiana mstari kwa mstari, au pale idadi inapohama na bei ikabaki. Kwa hiyo jumla ikibadilika, bonyeza `Ctrl` pamoja na kitufe cha `` ` `` ili shiti ionyeshe fomula badala ya majibu, kisha tafuta mstari ambao fomula yake haifanani na kazi ya kifungu chake. Dizeli yenye mara 5 itajitokeza yenyewe.

Mtu atauliza: mbona Ekseli haikumwonya? Onyo lipo. Ukiteua safu moja peke yake huku ina jirani zenye data, Ekseli hukuletea `Sort Warning` na kukupa chaguo la `Expand the selection`. Lakini ukiteua safu kadhaa kwa mkono, kwa kawaida inachukulia unajua unachofanya. Na ukiacha safu tupu kati ya D na fomula ili shiti ipendeze, hata ukibofya seli moja tu Ekseli itateua hadi kwenye uwazi ule na kuishia hapo. Safu tupu ndani ya bajeti mimi naipinga kabisa.

Marekebisho ni mepesi kuliko watu wanavyodhani, mradi hakuna aliyeanza kuziba fomula moja moja. Namba za vifungu kwenye safu A zilihama pamoja na maelezo. Sasa zinasoma 3, 1, 4, 2. Teua tena A2 hadi D5 zile zile, panga kwa safu A kuanzia ndogo, na kila kifungu kinarudi chini ya fomula yake, maana fomula hazikuwahi kusogea. Kama safu A ilijazwa kwa fomula ya `=ROW()-1`, njia hii haipo: namba zitasoma 1, 2, 3, 4 hata vifungu vikiwa vimevurugika. Hapo rudi kwenye nakala ya zamani.

Ukishathibitisha 7,300,000, ndipo unaandika:

"Meneja, habari za asubuhi. Jumla ya bajeti ya mafunzo iliyotumwa jana jioni ilisoma 8,500,000 badala ya 7,300,000 uliyoidhinisha. Hakuna bei wala idadi iliyobadilishwa. Vifungu vilipangwa kwa alfabeti bila safu ya Jumla, hivyo kuzidisha kwa siku 5 kukaangukia dizeli na kukauacha ukumbi. Dizeli ilizidi kwa 2,400,000, ukumbi ulipungua kwa 1,200,000. Nimerudisha mpangilio wa awali na kulinganisha vifungu vyote na nakala uliyoisaini, vinafanana. Naomba nakala ya jana isitumike kuombea fedha. Siku nitaziwekea safu yake leo, kisha nikutumie."

Oneni kwamba jina la aliyepanga halimo. Meneja akilihitaji ataliuliza. Ujumbe huu kazi yake ni namba. Oneni pia kwamba dizeli na ukumbi vimetajwa kila kimoja na tofauti yake, ili meneja aweze kutoa mwenyewe 1,200,000 kutoka 2,400,000 na kupata ile anayoiona.

Ile safu ya siku ni hii: siku ziingie E, dizeli na shajala ziandikiwe 1, na jumla ihamie F kwa fomula moja kuanzia juu hadi chini. Pembeni weka hesabu ya pili isiyopitia safu F:

```
=C2*D2*E2
=SUMPRODUCT(C2:C5,D2:D5,E2:E5)
```

Ya kwanza ni ya F2, unaiburuta hadi F5. Ya pili ikitofautiana na jumla ya F, kuna fomula imeguswa. Lakini haitakamata upangaji ulioacha safu E ya siku nyuma, kwa sababu hesabu zote mbili zitasoma siku zile zile zilizokaa pabaya. Kwa hilo dawa ni kuteua kuanzia A hadi F, bila mstari wa jumla, kila unapopanga. Na kama kuna shiti ya muhtasari inayosoma `=Bajeti!F2` kwa ajili ya posho, ujue kwamba hata upangaji uliofanywa sawasawa utaifanya isome kifungu kingine kilichopanda hapo. Ibadilisheni itafute posho kwa jina lake:

```
=SUMIF(Bajeti!B2:B5,"Posho",Bajeti!F2:F5)
```

Maelezo kwenye safu B yawe "Posho" hasa, bila nafasi ya ziada mwishoni, la sivyo itarudisha 0.