Mita Iliyorudi Sufuri

MWANGI: Kabla hatujaingia kwa masomo matatu ya namba ndani ya kompyuta tuliyowaahidi wasikilizaji, sema kuhusu gari. Umelinunua?

ACHIENG': Bado. Lakini Jumanne nilirudi kuliangalia, kule gereji za Barabara ya Kirinyaga. Ile Volkswagen ya mgongo wa kobe. Mita ya kilomita inasoma 41,207, na mwenyewe anaapa kwamba hizo ndizo kilomita zake zote tangu itoke kiwandani. Nikakanyaga klachi. Mpira wa pedali umelika mpaka chuma kinaonekana. Fundi akaniambia, "Dada, hiyo mita imeshazunguka."

MWANGI: Kwa hiyo ni 141,207.

ACHIENG': Ama 241,207. Mita yenyewe haiwezi kukuambia, na hilo ndilo lililonikamata. Ina magurudumu matano. Gurudumu la kulia likitoka 9 kwenda 0, linasukuma jirani yake jino moja. Jirani naye akifika 9 akarudi 0, anasukuma wa tatu. Sasa ikifika 99,999 ukaongeza kilomita moja, wote watano wanageuka, na yule wa mwisho kushoto hana wa kumsukuma. Ile moja iliyotakiwa kupita kwake inapotea. Haiandikwi popote.

MWANGI: Na kompyuta ni vivyo hivyo. Namba ya biti 8 ni magurudumu manane, ila kila gurudumu lina tarakimu mbili tu, 0 na 1. Ikijaa yote moja ni 255. Ongeza 1, inasoma 0. Saketi ya kujumlisha imejengwa kwa idadi maalumu ya hatua, nane, au thelathini na mbili, au sitini na nne. Hatua ya mwisho ikitoa moja ya kubeba, hakuna hatua nyingine ya kuipokea.

ACHIENG': Ngoja, sijafika kwa kilichoninyima usingizi. Fundi aliing'oa mita, akaiweka mezani, akairudisha mpaka 00000. Halafu akaizungusha kinyume, hatua moja. Ikasoma 99999.

MWANGI: Sawa.

ACHIENG': Si "sawa" tu, Mwangi! Sufuri toa moja ni hasi moja. Kwa hiyo kwenye hiyo meza, 99999 *ni* hasi moja. Ijaribu. Tano ukijumlisha na 99999 unapata 100,004. Mita haina gurudumu la sita, kwa hiyo inabaki 00004. Na tano toa moja ni nne! Kule kupoteza tarakimu ndiko kunakoleta jibu sahihi.

MWANGI: Masomo matatu, Achieng'. Tulipanga.

ACHIENG': Tunaenda. Sasa tukubaliane: kuanzia 00000 mpaka 49999 ni mali, na kuanzia 50000 mpaka 99999 ni deni. 99999 ni deni la moja, 99998 la mbili, unashuka hivyo mpaka 50000, ambayo ni deni la elfu hamsini. Hakuna gurudumu lililobadilishwa, ni mkataba wa kusoma tu. Sasa niambie, uko 49999, mali kubwa kuliko zote. Ongeza moja.

MWANGI: Unaingia 50000.

ACHIENG': Hasi elfu hamsini! Kutoka juu kabisa mpaka chini kabisa, kwa hatua moja. Ndiyo maana namba ya biti 8 yenye alama, yaani inayoweza kuwa chanya au hasi, inatoka 127 ikaruka mpaka -128. Nimefanya programu miaka yote hii nikiujua huo mruko kwa kukariri. Nimeuelewa Jumanne, mikono ikiwa na grisi.

MWANGI: Basi niwape watu mfano wa pesa, kwa sababu hapa ndipo inapouma. Niliwahi kuitwa kuangalia programu ya chama kimoja. Iliweka akiba kwa senti, jambo zuri, ila ndani ya namba ya biti 32 yenye alama. Kikomo chake ni 2,147,483,647. Ukisoma kama senti, ni shilingi milioni 21 na laki nne na kitu. Chama kikubwa kinafika hapo. Chukua kina shilingi 21,470,000, halafu mwanachama alete 5,000. Kwa lugha ya Java:

```java
int jumla = 2147000000;
jumla = jumla + 500000;
System.out.println(jumla); // -2147467296
```

Mhasibu anafungua asubuhi anakuta chama kinadaiwa zaidi ya milioni 21. Hakuna onyo, programu inaendelea kama kawaida.

ACHIENG': Na dalili yake ni ileile ya gari. Kama kitabu cha matengenezo kinasema mwaka fulani lilikuwa 97,800 na leo linasoma 41,207, basi limezunguka, kwa sababu gari haliendeshwi likapunguza kilomita. Ukijumlisha namba mbili chanya ukapata hasi, ni hivyo hivyo. Lakini mimi nasema programu isifike kuangalia dalili. Ingesimama palepale. Java yenyewe ina `Math.addExact`, inakataa kujumlisha namba ikifurika, yaani jumla ikipita kikomo. Hiyo ndiyo ingekuwa kawaida, na kuzunguka ndiko kuombwe kwa makusudi.

MWANGI: Hapo sikubali. Dakika mbili zilizopita umenionyesha kwamba kuzunguka ndiko kunakofanya tano toa moja iwe nne.

ACHIENG': Ndani ya saketi, ndiyo. Si kwenye akiba ya watu.

MWANGI: Na TCP je, ule utaratibu wa kusafirisha data kwenye intaneti? Data inayosafiri humo inahesabiwa kwa namba za biti 32 zinazozunguka kwa makusudi. Na kusimama si usalama. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5. Namba ya biti 64 yenye desimali iligeuzwa iwe namba nzima ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32,767. Haikuenea. Programu haikuzunguka, ilitangaza kosa, na kompyuta ya mwelekeo ikajizima. Ya akiba nayo ilikuwa imejizima kwa sababu ileile. Roketi ikavunjika sekunde kama arobaini tangu iruke. Na hesabu yenyewe haikuwa na kazi tena baada ya kuruka! Namba mbovu ingepita tu.

ACHIENG': Kilichoiangusha si kukamatwa kwa kosa. Ni kwamba hakuna aliyeandika kosa likikamatwa lifanyiwe nini.

MWANGI: Na hakuna atakayeandika kwa kila kujumlisha. Kuna mamilioni.

ACHIENG': Prosesa yenyewe inajua! Nyingi zina biti maalumu inayowaka namba ikifurika. Lugha ndizo zinapita bila kuitazama. Ni kama fundi ameona mita inageuka akanyamaza.

MWANGI: Kuitazama kila mara kuna gharama ya muda.

ACHIENG': Ndogo.

MWANGI: Kwako. Kwa anayechakata picha, si ndogo.

ACHIENG': Mhasibu wa chama hachakati picha.

MWANGI: Nami sisemi aachwe hivyo. Nasema apewe biti 64. Kwa senti, hata nchi nzima haiijazi.

ACHIENG': Hiyo ni kuongeza magurudumu. Na yale mengine ya 32 yaliyobaki humo ndani, nani atayaona?

MWANGI: Hatutaelewana leo. Na wenye studio wananionyesha saa. Somo la pili lilikuwa 2038...

ACHIENG': Sema tarehe tu.

MWANGI: Tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, saa za hapa Nairobi. Sekunde zilizohesabiwa tangu mwanzo wa 1970 zinajaza namba ya biti 32 yenye alama, na mashine ambazo hazijabadilishwa zinarudi Desemba 1901. Somo la tatu tuliache kabisa.

ACHIENG': Lile la desimali?

MWANGI: Lile. Na gari?

ACHIENG': Jumamosi narudi na kitabu cha matengenezo. Mwenyewe anasema kiko kwa shemeji yake Thika.