"They" wa Mtu Mmoja: Viwakilishi vya Kiingereza kwa Mwalimu Aliyekulia Kiswahili

Walimu wenzangu, wakalimani, na ninyi mnaosaidia madarasani huku Marekani, shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi. Maana ya jinsia sitaieleza. Semina za shule zenu zimekwisha kuieleza, tena mara nyingi. Nataka kuzungumzia jambo ambalo semina hizo hazigusi kwa sababu wanaoziendesha hawajui Kiswahili: kinachotupata sisi, wasemaji wa Kiswahili, mwanafunzi anapotuambia kwamba kwa Kiingereza anataka atajwe kwa "she", au kwa "he", au kwa "they".

Kiswahili hakituulizi jinsia ya mtu tunayemtaja. Ukisema "amekuja", ile "a" ni ya mwanamke, ya mwanamume, ya mtoto mchanga. Ukisema "nimemwona", ile "m" ni hivyo hivyo. "Kitabu chake": "ch" imetoka kwenye kitabu, na "ake" haisemi lolote kuhusu mwenye kitabu ila kwamba yupo. Basi mtu aliyejifunza kusema kwa lugha hii hana mahali kichwani panapochagua "he" au "she" kabla ya mdomo kufunguka. Anapoongea Kiingereza, hasa akiwa amechoka au ana haraka, mdomo unachukua neno lililo karibu, mara nyingi "he". Ndiyo maana unamsikia mtu mzima, msomi, akimtaja mama yake mzazi kwa "he". Hamkosei mama yake heshima hata kidogo.

Lakini mwanafunzi hajui hayo. Mwanafunzi aliyeomba aitwe "she", akakusikia ukisema "he", anasikia kitu kimoja tu: mwalimu amekataa. Kuteleza kwa ulimi na kukataa kwa makusudi vina sauti ile ile. Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya mazoezi yoyote, ni kumwambia mwanafunzi huyo mara moja, mkiwa wawili, kwa sentensi mbili: lugha yangu ya kwanza haina "he" wala "she", nami huvichanganya kwa watu wote, nikikosea nisahihishe, au niinulie kidole. Basi. Usirudie kila wiki, maana maelezo yakirudiwa yanageuka kisingizio.

Sasa mazoezi. Tuseme mwanafunzi anaitwa Amani, jina ambalo kwetu hupewa wa kike na wa kiume, na ametaka "they". Kwa Kiswahili ungesema: "Amani ameleta kitabu chake, anasubiri umpe kalamu." Ukiacha ile "a" ya "ameleta" inayofuatana na jina lake, zihesabu sehemu nyingine zinazomtaja Amani: "chake", "a" ya "anasubiri", na "m" ya "umpe". Kwa Kiingereza: "Amani brought their book, and they are waiting for you to give them a pen." Sehemu ni tatu, na kila moja ina umbo lake: "their", "they", "them". Watu wengi hujifunza "they" peke yake, wakifika kwenye "umpe" wanasema "him". Kosa hukaa hapo, katika kitenzi chenye mtendwa na katika mali, kwa sababu mwanzoni mwa sentensi ulikuwa umejiandaa na mwishoni umejisahau.

Angalia na "are". Ukitumia jina, unasema "Amani is late." Ukihamia kwenye kiwakilishi, unasema "they are late." Mtu ni mmoja, dakika ni ile ile, vitenzi viwili tofauti. Hili huwachanganya hata wenye Kiingereza chao. Tunga sentensi tano za namna hii ukitumia mambo ya darasa lako, daftari, kiti, kazi ya nyumbani, uzisome kwa sauti ukiwa njiani kwenda kazini, siku tatu mfululizo. Kwa sauti, narudia. Ukisoma kimya utadhani umeshajua.

Najua kuna mwalimu wa sarufi hapa ananitazama kwa jicho kali: "they" ni wingi, kwa nini niharibu lugha? Mwalimu, Kiingereza kimemtaja mtu mmoja asiyejulikana kwa "they" tangu karne ya 14. Wewe mwenyewe ukiokota mwavuli darasani unasema "somebody left their umbrella." Na "you" je? Nalo lilikuwa la wingi, leo tunamwambia mtu mmoja "you are" na hakuna anayelalamika. Majirani zetu Wanyanja humtaja baba kwa umbo la wingi kwa heshima. Kamusi ya Merriam-Webster iliingiza matumizi ya "they" kwa mtu mmoja asiyejitambulisha kuwa mwanamume wala mwanamke mwaka 2019. Sarufi imeshafungua mlango, kilichobaki ni ulimi wako kuzoea.

Wengine hukwepa: wanatumia jina tu. "Amani ameleta kitabu cha Amani, mpe Amani kalamu." Mara moja haidhuru. Ila ukifanya hivyo kwa Amani peke yake, na wanafunzi wengine ishirini na tano ukawataja kwa viwakilishi, darasa zima litasikia, na wa kwanza kusikia atakuwa Amani.

Ukiteleza, sema neno sahihi uendelee: "he... they are in group two." Usimame hapo. Usiombe radhi kwa dakika nzima mbele ya wenzake, maana sasa mtoto ndiye analazimika kukuliwaza wewe, na macho yote yamemgeukia. Kama umekosea mara nyingi siku hiyo, mwambie pole mlangoni wakati wa kutoka.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloomba mlishike hata mkisahau mengine yote: kikao cha wazazi.

Wazazi wa Amani wanasema Kiswahili, tuseme cha Kongo. Mwalimu wa hesabu ni Mmarekani. Wewe ndiye mkalimani, ama kwa kazi, ama kwa kuwa ndiye uliyepatikana. Mwalimu anasema: "They left class without permission on Tuesday." Mkalimani aliyezoea kwamba "they" ni "wao" anatafsiri: "Jumanne walitoka darasani bila ruhusa." Baba anauliza hapo hapo: walitoka na nani? Nani hao anaotembea nao? Mama anakunja uso. Katika sekunde tano mmeshamzulia mtoto kundi la marafiki wabaya ambalo halipo. Mwalimu naye haelewi kwa nini wazazi wamekasirika hivyo kwa kosa dogo. Na Amani, kama yupo, anajua kabisa kilichotokea na hawezi kukieleza bila kueleza mambo ambayo pengine hajayasema nyumbani.

Tafsiri sahihi ilikuwa neno moja: "alitoka". Umbo la Kiswahili la "they" wa mtu mmoja ni "a", ile ile tuliyozaliwa nayo. Wala usiseme "Amani wamefika" ukidhani unamheshimu, Kiswahili hakikuombi hivyo, na mzazi atageuka kutazama mlangoni aone wengine wako wapi. Kama hujui mwalimu anamtaja mmoja au wengi, mkatize uulize: mwanafunzi huyu peke yake, au na wenzake? Kumkatiza mwalimu ni sehemu ya kazi ya mkalimani, usione haya.

Mtego wa pili unatoka upande wa pili. Mama anasema: "Nyumbani anajifungia chumbani, hata mdogo wake hamsemeshi." Hapo hamna jinsia popote. "Mdogo wake" anaweza kuwa yeyote. Ukitafsiri kwa Kiingereza unalazimika kuweka kitu, na ukiweka "he" au "she" kwa mazoea, umemtia mama maneno ambayo hakusema. Kabla ya kikao, chukua dakika mbili na mwalimu: mwanafunzi anatajwaje shuleni, na je, amekubali atajwe hivyo mbele ya wazazi? Ukishajua, tumia hilo hilo mpaka mwisho. Na huyo mdogo, uliza.

Kuna atakayesema: basi unatufundisha kuwaficha wazazi. Hapana. Kiswahili hakifichi, hakisemi tu. Mzazi akiuliza moja kwa moja, "mwanangu huku mnamwitaje?", kazi ya mkalimani ni kulitafsiri swali hilo kama lilivyo na kumwachia mwalimu alijibu. Usilijibu wewe, usilipunguze makali, usilimeze. Ninachokataa ni mkalimani kutoa siri ya mtoto kwa bahati mbaya, kwa sababu ya kiambishi.

Mahali ambapo Kiswahili chetu kinasema ni kwenye maneno mengine: binti, kaka, dada, mvulana, bibie. Mwalimu anajitahidi mwaka mzima na viwakilishi vya Kiingereza, kisha kwenye korido anamwambia Amani "haya dada, harakisha." Tuna "mwanangu", tuna "mwanafunzi wangu", tuna "ndugu". Na "kijana" mliangalie, wengi wakilisikia wanamwona mvulana.

Muda unanikimbia, niyapitishe haya haraka. Usiwazungushe wanafunzi wote kutaja viwakilishi vyao mbele ya darasa. Asiye tayari atadanganya au atajianika. Tumia karatasi ya siku ya kwanza: nikuiteje, nikutaje kwa kiwakilishi gani, na nivitumie wapi: darasani, kwenye barua za nyumbani, kwa mwalimu wa muda? Hilo swali la tatu ndilo husahaulika, nalo ndilo linalozuia ajali.

Na usimwahidi mtoto siri kabla hujasoma kanuni za shule yako. Majimbo hayafanani. Indiana mwaka 2023 ilipitisha sheria inayoitaka shule imjulishe mzazi mtoto akiomba kubadilishiwa jina au kiwakilishi. California mwaka 2024 ilipitisha sheria ya kuzuia shule zisiwalazimishe watumishi kutoa habari hiyo bila ridhaa ya mwanafunzi. Sheria hizi zinabishaniwa mahakamani na hubadilika, kwa hiyo uliza mwaka huu, hata kama uliuliza mwaka jana. Pia, chini ya sheria ya shirikisho, mzazi wa mtoto ambaye hajafikisha miaka 18 ana haki ya kukagua kumbukumbu za shule za mtoto wake. Basi ukikiandika kiwakilishi cha mtoto kwenye mfumo wa kompyuta, chukulia kwamba kimesomwa. Mwambie mtoto ukweli huo kabla hajajaza ile karatasi, kwa maneno anayoyaelewa, umwache aamue mwenyewe aandike nini.